Kiu ya mama na maji aliyonyimwa: kisa cha kalsiamu iliyopanda kwa mgonjwa wa saratani ya titi

Kisa hiki kinatoka katika wodi ya hospitali moja ya rufaa Tanzania, ambako nafanya kazi katika timu ya tiba shufaa. Jina, kijiji, tarehe na baadhi ya mambo ya kifamilia vimeondolewa au kubadilishwa. Mgonjwa nitamwita Mama tu. Nakiandika kwa ajili ya madaktari na wauguzi wanaopokea wagonjwa wa saratani, ila ndugu wanaouguza nyumbani nao watakifuata bila shida.

## Alikotoka

Mama alikuwa na umri wa miaka sitini na kidogo. Miaka mitatu kabla ya kisa hiki alikatwa titi la kushoto, akapata tiba ya kemikali, kisha akaendelea na vidonge vya tamoksifeni. Mwaka mmoja kabla ya kufika kwetu mgongo ulianza kumuuma, na eksirei ikaonyesha matundu kwenye pingili za uti wa mgongo na kwenye nyonga. Saratani ilikuwa imehamia mifupani. Alipigwa mionzi mara moja kwa ajili ya mgongo, akapewa mofini ya maji, miligramu 5 kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo. Maumivu yalitulia kiasi cha yeye kuweza kwenda sokoni kwa miguu yake.

Nyumbani alikuwa na dawa nyingine mbili ambazo faili letu halikuzitaja. Ya kwanza ni haidroklorothiazaidi, kidonge cha presha alichokimeza kila asubuhi kwa miaka mingi. Ya pili ni kopo la vidonge vya kalsiamu na vitamini D, ambalo ndugu wa mjini alimtumia aliposikia kwamba "mifupa ya shangazi inaoza". Zawadi ilitolewa kwa upendo, na yeye alizimeza kwa uaminifu.

## Wiki mbili za jagi

Binti yake ndiye aliyetusimulia mwanzo wa mambo, na alisimulia vizuri kuliko barua ya rufaa. Mama alianza kunywa maji kupita kawaida. Jagi la lita mbili lililokuwa likitosha siku nzima sasa liliisha kabla ya adhuhuri, naye akaomba lijazwe tena. Usiku aliamka kwenda haja ndogo mara nne au tano. Choo kikubwa kilikwama kwa siku sita. Chakula kilimchukiza, akatapika mara mbili tatu, na akawa mchovu wa kulala mchana kutwa.

Majirani walisema ni sukari, na si ajabu, kwa sababu hata daktari angeanzia hapo. Walimpeleka zahanati, akachomwa kidole, sukari ikasoma 6.1. "Sukari yako iko sawa," wakaambiwa, wakarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Kukwama kwa choo kulielezwa kuwa ni mofini, uchovu ukaelezwa kuwa ni saratani yenyewe. Kila dalili ikapata maelezo yake ya kutosha, na hakuna aliyezikusanya pamoja.

Katika wiki ya pili Mama alianza kujikojolea kitandani. Kwake lilikuwa jambo la aibu kubwa, na kwa binti aliyekuwa akifua shuka kila asubuhi lilikuwa mzigo. Familia ikafanya lililoonekana la busara: baada ya magharibi jagi likaondolewa chumbani. Siku tatu baadaye Mama akaanza kuongea na dada yake aliyefariki zamani. Alimwita mjukuu kwa jina la mtu mwingine, akawa anauliza kama mahindi yameshavunwa ilhali ulikuwa msimu wa kupanda. Wazee walinong'ona kwamba ameanza kuitwa. Binti hakukubali, akakodi gari.

## Usiku wa kwanza

Alifika jioni. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama, presha 100 kwa 60, mapigo ya moyo 112. Uzito ulikuwa kilo 52. Hakuwa na homa. Shingo ilikuwa laini, mikono na miguu aliisogeza yote sawa. Aliitika akiitwa kwa sauti, lakini hakujua yuko wapi.

Muuguzi wa zamu alimwamkia, "Shikamoo, Mama." Hakuitika. Aliandika kwenye karatasi ya uangalizi: "Haitikii shikamoo." Wakati ule niliona ni maneno ya ziada. Baadaye ndiyo yakawa kipimo chetu bora cha akili yake.

Daktari wa zamu aliwaza mambo matatu ya maana: malaria, maambukizi ya mkojo, na saratani kufika kwenye ubongo. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, na sukari ilikuwa ya kawaida. Alianzisha antibaiotiki, akaweka dripu moja ya maji ya chumvi ya lita moja kwa usiku mzima, na akasimamisha mofini kwa kudhani ndiyo inayomlewesha. Kufikia alfajiri Mama alikuwa bado amechanganyikiwa, na sasa alikuwa analia kwa maumivu ya mgongo pia.

## Jibu lililokaa kwenye faili

Kwenye raundi ya asubuhi, daktari mmoja wa mafunzo kwa vitendo alisoma orodha kwa sauti: saratani ya titi iliyo mifupani, kiu, mkojo mwingi, choo kugoma, kutapika, kuchanganyikiwa. Alipofika mwisho akasema, "Tupime kalsiamu." Tulituma damu, pamoja na kipimo cha figo, potasiamu na albumini.

Majibu yalirudi saa nane mchana. Kalsiamu ilikuwa milimoli 2.92 kwa lita, na maabara yetu huhesabu 2.2 hadi 2.6 kuwa kawaida. Aliyeyapokea aliandika "imepanda kidogo", akayaweka kwenye faili, akaenda kwenye dharura nyingine. Yalikaa humo saa tano.

Kosa lilikuwa la hesabu. Karibu nusu ya kalsiamu ya kwenye damu huwa imeng'ang'ania protini, hasa albumini, na nusu iliyobaki ndiyo iliyo huru na ndiyo inayofanya kazi mwilini. Maabara yetu hupima jumla ya zote mbili. Mgonjwa aliyekonda kwa saratani huwa na albumini ndogo, hivyo sehemu iliyong'ang'ania hupungua na jumla huonekana ndogo kuliko hatari iliyopo. Albumini ya Mama ilikuwa gramu 22 kwa lita. Hesabu ya kusahihisha huongeza 0.02 kwa kila gramu iliyopungua chini ya 40:

```
2.92 + 0.02 × (40 − 22) = 3.28
```

Kwa maabara zinazotoa jibu kwa miligramu, hiyo ni takriban 13.1 kwa desilita. Juu ya 3.0 mgonjwa mwenye dalili ni wa kutibiwa siku hiyohiyo, na juu ya 3.5 maisha yako hatarini hata kama bado anaongea. Hesabu hii ni makisio tu. Palipo na mashine ya kupima kalsiamu huru moja kwa moja, hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Sisi hatukuwa nayo.

Kitu kingine ambacho namba haisemi ni kasi. Mtu ambaye kalsiamu yake imepanda polepole kwa miaka huweza kutembea akiwa na 3.2 bila shida kubwa. Ikipanda ndani ya wiki mbili kwa mzee aliyekauka maji, kiwango hichohicho humpoteza akili.

Kreatinini ilikuwa maikromoli 161, dalili kwamba figo zimebanwa. Potasiamu ilikuwa 3.1. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mpigo uliofupika kidogo, jambo la kawaida kalsiamu ikiwa juu, bila hitilafu ya mdundo.

## Kwa nini mgonjwa anakauka

Saratani inayofika mfupani haitoboi mfupa kama msumari. Huziamsha seli za mwili wenyewe ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa uliochakaa, nazo zikaendelea kubomoa kupita kiasi, kalsiamu ikamwagika kwenye damu. Saratani nyingine, hasa zile za umio, mapafu, shingo ya kizazi na figo, hazihitaji hata kufika mfupani: hutoa homoni inayofanana na ile ya tezi ndogo nne zilizo nyuma ya tezi ya shingo, na homoni hiyo huagiza mfupa ubomolewe na figo zisiitoe kalsiamu. Saratani ya titi huweza kufanya yote mawili. Kwa hiyo eksirei safi ya mifupa haimwondoi mgonjwa kwenye hatari hii.

Sasa tuje kwenye kiu. Kalsiamu nyingi huzifanya figo zisisikie amri ya kubana maji, kwa hiyo mkojo unatoka mwingi na mwepesi hata mwili ukiwa umekauka. Ndiyo maana Mama alikunywa: alikuwa anafidia kilichokuwa kinamtoka. Akishindwa kufidia, damu hupungua ujazo, na figo zilizokosa damu hung'ang'ania chumvi kwa nguvu zote. Zikivuta chumvi huvuta na kalsiamu pamoja nayo. Kalsiamu inapanda zaidi, mkojo unazidi, ukavu unazidi.

Lile jagi lililoondolewa baada ya magharibi lilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kinauchelewesha mzunguko huu.

Kidonge cha presha nacho kilikuwa upande usiofaa. Dawa za kundi hilo huzifanya figo zihifadhi kalsiamu na zitoe maji. Lile kopo la vidonge vya mifupa sidhani lilichangia sana, maana chanzo kilikuwa mfupa wenyewe, lakini hapakuwa na sababu ya kuliacha.

## Tulichofanya, na lililoharibika katikati

Saa moja jioni, majibu yalipoonekana tena, daktari mwingine wa zamu alielewa uzito wake na akachukua hatua haraka. Aliweka dripu ya pili, na kabla haijaingia nusu akachoma furosemaidi miligramu 40. Alifundishwa hivyo, na mimi pia nilifundishwa hivyo: maji yaingie, dawa ya kukojoza isukume kalsiamu nje. Ni mafundisho ya zamani. Dawa hiyo inabaki na kazi yake kwa mgonjwa aliyejaa maji kupita kiasi, mwenye moyo dhaifu au mapafu yanayokoroma. Kwa aliyekauka humkausha zaidi. Asubuhi ya siku ya tatu presha ilikuwa 88 kwa 54 na kreatinini imepanda hadi 184.

Hapo ndipo timu yetu iliitwa. Kabla ya dawa yoyote tulikaa na binti na kaka yake pembeni. Kalsiamu iliyopanda kwa saratani iliyosambaa mara nyingi ni habari mbaya, na wagonjwa wengi huishi wiki au miezi michache baada ya hapo. Kwa mtu aliye siku zake za mwisho, kuiacha bila kuitibu ni uamuzi halali. Tuliamua kutibu kwa sababu mbili. Hii ilikuwa mara ya kwanza, na wiki tatu tu nyuma alikuwa akienda sokoni. Kisha binti akasema neno lililomaliza mjadala: "Daktari, kuna mambo ya shamba hajayasema. Mrudisheni ayaseme, hata akifa baadaye."

Maji yalikuwa dawa ya kwanza. Tuliweka lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ndani ya saa tatu, kisha tukaendelea kwa kasi iliyofikisha lita tatu na nusu ndani ya saa 24. Mpira wa mkojo uliwekwa ili tupime kinachotoka, tukilenga mililita 100 au zaidi kwa saa. Mkojo ulipoanza kutiririka tuliongeza potasiamu kwenye dripu. Kila saa nne muuguzi alisikiliza mapafu na kuangalia shingo, kwa sababu mzee wa kilo 52 anaweza kuzama kwa dripu zilezile zinazomwokoa. Vidonge vya presha, kalsiamu na vitamini D vilisimamishwa.

Mofini tuliirudisha siku hiyohiyo, kwa dozi ileile lakini kila baada ya saa sita, kwa kuwa figo zilizobanwa huichelewesha kutoka mwilini. Maumivu yasiyotibiwa nayo huchanganya akili.

Maji peke yake hushusha kalsiamu kidogo tu. Kinachozima ubomoaji ni dawa za kundi la bisfosfoneti. Tuliagiza asidi ya zoledroniki miligramu 4. Haikuwa dirishani kwetu, ndugu wakainunua duka la dawa la mjini. Tulisubiri hadi jioni, baada ya lita mbili za maji, mkojo kutoka vizuri na kreatinini kurudi 138, ndipo tukaipitisha kwenye mshipa kwa dakika 30. Muda wa chini unaoruhusiwa ni dakika 15, nasi tuliurefusha kwa ajili ya figo. Ikichomwa haraka, au kwa mgonjwa ambaye bado amekauka, inaweza kuziua figo ilizokuja kuzisaidia. Ingekuwa haipatikani tungetumia pamidroneti, ambayo hufanya kazi hiyohiyo ila huhitaji saa kadhaa za dripu.

Mwenzetu mmoja alipendekeza deksamethazoni. Hiyo huzaa matunda kwenye limfoma na saratani ya uboho, si kwenye hali ya Mama. Kalsitonini, inayoshusha ndani ya saa chache na kisha kuchoka baada ya siku mbili, ingefaa kuziba pengo, lakini hatukuwa nayo.

## Marahaba

Dawa ya bisfosfoneti haina haraka. Huanza kuonekana baada ya siku mbili hadi nne, na nguvu yake kamili huja siku ya nne hadi ya saba. Familia isipoambiwa hili mapema, kesho yake huona dawa ya gharama imeshindwa. Tuliwaambia mapema, na hata hivyo binti aliuliza kila asubuhi.

Siku ya nne homa ikapanda hadi 38.6 na viungo vyote vikamuuma. Wodi nzima ikawaza malaria. Tulirudia kipimo, hakikuonyesha kitu, tukachukua damu ya kuotesha, nayo baadaye haikuota chochote. Homa ya siku moja au mbili baada ya dozi ya kwanza ya zoledroniki ni jambo linalojulikana. Parasetamo ilimtosha.

Siku ya tano asubuhi, yule muuguzi wa usiku wa kwanza aliingia zamu na kumwamkia kama kawaida yake. "Marahaba," Mama akajibu, kisha akauliza nani amemvalisha gauni lile baya. Karatasi ya uangalizi ina mstari mmoja tu wa saa ile: "Ameitika."

Kipimo cha siku ya sita kilisoma 2.55 baada ya kusahihishwa, kreatinini 112. Choo kilishatoka kwa msaada wa dawa, na kiu ilipungua. Siku ya nane alitoka akitembea kwa kushikwa mkono. Ya shamba aliyasema jioni ileile, mbele ya watoto wote.

## Mara ya pili, na ya tatu

Dozi moja ya zoledroniki hushikilia kwa wastani wa wiki tatu au nne kama saratani yenyewe haitibiwi, wakati mwingine zaidi. Tulimpangia kliniki wiki ya nne, na binti tukampa kazi ya kuhesabu majagi. Majagi yalituambia kabla ya maabara. Wiki ya tano binti alipiga simu: jana jagi moja na nusu, leo mawili.

Walikuja siku hiyohiyo, Mama akiwa bado anajua jina lake na siku ya wiki. Kalsiamu iliyosahihishwa ilikuwa 3.02. Siku mbili za dripu, dozi ya pili, na akarudi nyumbani bila kupotea hata mara moja. Katika kukagua mfuko wake wa dawa tulikuta haidroklorothiazaidi imo. Nitalirudia hilo.

Siku ile ya kutoka, akiwa na akili zake zote, Mama alituambia: "Wanangu, kule nilikokuwa mara ya kwanza sikujua kama nipo. Ikinirudia nami siwezi tena kusimama, niacheni kwangu." Tuliyaandika maneno hayo kwenye faili kama alivyoyasema, na binti akayasikia.

Dozi ya pili haikushika hata wiki tatu, na hivi ndivyo inavyokuwa saratani inapozidi. Safari hii alikuwa kitandani, ini limevimba, hali wala hanywi. Palikuwapo na njia moja: denosumabu, sindano ya chini ya ngozi ambayo huweza kufanya kazi pale bisfosfoneti zimeshindwa, na haiziumizi figo. Tulimweleza binti kwamba ipo, bei yake, na kwamba ingemrudishia mama yake siku kadhaa za kujua kwamba anakufa. Kaka yake alitaka ijaribiwe. Binti alimsomea maneno yaliyo kwenye faili. Mama alibaki nyumbani, na mofini, haloperido kidogo ya usiku kwa weweseko, na pamba yenye maji kwa midomo kila saa. Alilala zaidi na zaidi, akafariki siku ya tisa.

## Palipokosewa, na palipofaa

Kosa la nyumbani na kosa la wodini lilikuwa moja. Familia ilimnyima maji ili asilowanishe shuka, na sisi tukampa dawa ya kukojoza ili itoe kalsiamu. Pande zote mbili ziliona mkojo kama tatizo la kushughulikiwa, na hakuna aliyeuliza mwili unapoteza maji kwa nini. Familia siilaumu hata kidogo. Kwenye kipeperushi tunachowapa wagonjwa wa saratani iliyofika mifupani tulikuwa tumeandika juu ya kuvunjika mfupa na juu ya ganzi ya miguu, na hatukuwa na mstari hata mmoja juu ya kiu. Sasa upo: akinywa na kukojoa kuliko kawaida kwa siku mbili, na choo kimegoma, aendelee kunywa na aletwe.

Kwenye zahanati, kupima sukari kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni hatua ya pili. Kiu na mkojo mwingi kwa mgonjwa wa saratani, sukari ikiwa ya kawaida, hubaki na swali moja kubwa, nalo ni kalsiamu. Zahanati haiwezi kuipima, lakini inaweza kuandika neno hilo kwenye barua ya rufaa.

Zile saa tano za jibu kukaa kwenye faili hazikutokana na uzembe. Aliyepokea aliona 2.92 dhidi ya 2.6 na akafanya hesabu ya macho. Tuliiomba maabara ichapishe namba iliyosahihishwa kando ya ile ya jumla kila albumini inapopimwa pamoja, wakakubali, na ni badiliko lisilogharimu chochote. Bado wapo wanaotuma kalsiamu bila albumini, na hapo hakuna cha kusahihisha.

Kusimamisha mofini usiku wa kwanza kuliniudhi kuliko yote, labda kwa sababu nimeliona mara nyingi. Mgonjwa aliyekaa kwenye dozi moja kwa miezi bila kulewa, akichanganyikiwa ghafla, mofini si ya kwanza kushukiwa. Inaweza kuwa imelundikana kwa sababu figo zimebanwa, na hilo lenyewe ni sababu ya kupima figo na kalsiamu, kisha kuipa nafasi zaidi kati ya dozi. Kuikata kabisa kulitupotezea njia ya kujua anachoumwa, maana kilio chake cha alfajiri kingeweza kuwa cha maumivu au cha kuchanganyikiwa.

Kulikuwa pia na kosa la mwaka mzima. Tangu mifupa ilipoonekana na matundu, Mama alistahili bisfosfoneti za vipindi, baada ya meno kukaguliwa kwa kuwa dawa hizi huweza kuozesha taya la mtu mwenye jino bovu. Hazizuii kila kitu, lakini hupunguza kuvunjika kwa mifupa na hupunguza uwezekano wa kalsiamu kupanda hivi. Hakuandikiwa kwa sababu ya bei, na hakuna aliyemuuliza kama familia ingeweza. Ile dozi ya dharura waliinunua ndani ya saa nne.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa mara ya pili: jagi linalopimwa, simu ya binti, na kitanda kilichokuwa tayari. Alifika akiwa na 3.02 badala ya 3.28, akiwa bado anaweza kusema anataka nini, na hicho ndicho kilichotupa maneno ya kusimamia mara ya tatu.

Na kile kidonge cha presha. Siku ya nane tulikifuta kwenye faili letu kwa wino mwekundu na kumweleza binti. Lakini kliniki ya presha ina daftari lake, na Mama alikuwa na kadi yake ya huko. Wiki ya tatu nyumbani alienda kama alivyoenda kila mwezi, wakamkuta na presha 150, wakamjazia pakiti ileile. Hakuna aliyekosea kwa upande wake. Siku hizi kila mgonjwa wetu aliyewahi kupanda kalsiamu hutoka na karatasi mbili: moja ya kwetu, na nyingine ya kubanwa kwa pini kwenye jalada la kadi yake ya presha, yenye majina ya dawa za kundi hilo na maneno "asipewe hizi".